Saa ya Mujuni Haikuingia Majini

Zuena alijua kuna jambo tangu alipomwona yule mzee akiingia kibandani bila hodi, simu mkononi, na mwanamke wa khanga nyeusi nyuma yake.

"Wewe ndiye mwenye tangazo hili?"

"Ndiye mimi, baba. Karibuni."

Zuena na mumewe Najibu waliuza saa zilizotumika pale sokoni Bukoba. Najibu alitengeneza, Zuena akaandika matangazo na kuyatuma kwenye simu za wateja. Hakuwa mtu wa kupamba. Hili la jana aliliandika hivi:

"Saa ya mkono, ya kiume. Haina betri: ndani kuna kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika, ndicho kinachoitia nguvu. Ukiivua siku mbili, inalala. Mgongoni imeandikwa inastahimili maji, lakini ringi ya mpira imekatika, kwa hiyo usinawe nayo. Mashine ni kavu, haina kutu. Mkanda si wake wa asili, ni wa ngozi, umechakaa. Imekwaruzika sana upande wa tisa. Aliyeivaa aliivaa mkono wa kulia, ndipo upande huo huelekea kiganjani. Nimeinunua kwa Twaibu, mvuvi wa Goziba. Anasema alinunua kwa mwenyewe, kulekule kisiwani, baada ya Idi ya kuchinja. Risiti hakuna."

"Ni ya mdogo wangu Mujuni," mzee alisema. "Mimi Ishengoma, natoka Muleba. Huyu ni mkewe, Annastella. Mujuni alizama ziwani wiki ya Pasaka. Maiti hatukuipata."

"Poleni sana, jamani." Zuena aliitoa saa, akampa Annastella. Mali ya marehemu, iko kwenye kabati lake!

Annastella aliigeuza saa polepole. "Ni yake. Alikuwa wa mkono wa kushoto, saa akaivaa kulia. Huu mkanda nilimfunga mimi."

"Basi yamekwisha," Ishengoma alisema. "Jumapili ukoo unakaa kuamua nani arithi kibanja chake, lile shamba la migomba. Futa hapo pa kununua. Andika imenaswa kwenye nyavu, ikiwa na mifupa ya mkono. Ukikataa, naenda polisi, ukawaeleze umeitoa wapi mali ya maiti."

Najibu aliacha bisibisi.  "Mama Yasmin, andika tu. Sentensi moja itatupunguzia nini?"

Zuena alimtazama Annastella. Mama huyo alikuwa amekaza macho sakafuni, kama mtu anayengoja kupigwa. Migomba ile alipalilia yeye. Shemeji akiichukua, atakwenda wapi na watoto?

"Baba Yasmin," Zuena alisema, "ifungue saa hiyo."

"Nifungue nini?"

"Mgongo, mume wangu. Ifungue waone."

Najibu alisita, kisha akaizungusha kwa ufunguo wake. Kile kipande kizito kikacheza, kiking'aa. Ile ringi ikatoka vipande viwili vikavu kama ganda la karanga.

"Umeikuta imekatika, au umeikata wewe?" Ishengoma aliuliza.

"Mpira huu umekufa kwa uzee, mzee wangu, miaka," Najibu alijibu taratibu, kama anayeyaelewa wakati huohuo akiyasema. "Saa hii ingekaa majini hata usiku mmoja, humu mngeona kutu tu. Haikuzama."

"Aliivua kabla! Akamwazima mtu!"

"Siku ile alitoka nayo," Annastella alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama shemeji yake. "Nilimwona akiifunga."

Zuena alikuwa ameshapiga simu, akaiweka sauti ya wote kusikia.  Twaibu akigeuka sasa, wamekwisha.

"Twaibu, ile saa. Aliyekuuzia yukoje?"

"Si nilikwambia, dada? Mwembamba, mashoto. Aliifungua mkononi mwake nikiona. Kwani imesimama?"

"Haijasimama."

Annastella aliinama juu ya simu. "Mwanangu, hiyo Idi, baada ya Pasaka, alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, mama. Alipanda boti ya Mwanza jioni ileile."

"Hakusema kama ana watu?"

 Ziwa lilisikika simuni likipiga mawe. "Nilimuuliza. Alisema hana mtu."

Ishengoma alichukua kofia yake. "Maneno ya wavuvi," alisema, akatoka. Ya polisi hakuyataja tena.

Annastella alikaa kwenye kibao cha wateja. Hakulia. Khanga ile nyeusi aliivuta begani, akaiacha, akaivuta tena, kama hajui kama ni halali yake kuivaa.

"Niandikie ya Jumapili," alisema mwishowe. "Kama ulivyoandika. Ya mpira, ya mkono, ya boti. Niwasomee wote."

"Na hilo la mwisho? La kwamba hana mtu?"

Mama aliinuka kwenye kibao.

"Andika," alisema. "Nikiliacha hilo, watasema na mengine nimetunga."