Picha ya Cherotich Haipatikani

Chepkurui aliingia studio na gambuti zenye matope ya shamba la chai. Akaweka simu juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Dada, mtoto wangu hafunguki."

Roret ni ndogo, kwa hivyo habari nilikuwa nayo. Nimonia ilimchukua Cherotich wake kabla hajaota jino. Walimzika asubuhi na mapema bila wageni, vile boma la kina Weldon, mumewe, huzika watoto wachanga, na kabla umande haujakauka watu walikuwa wamerudi kuchuma chai. Tangu siku hiyo jina la mtoto halitajwi pale nyumbani. Mimi nina wangu wa kunyonya, nilimwacha kwa jirani. Maziwa yalianza kushuka nikiwa nimesimama mbele ya huyu mama, nikavuta leso juu ya kifua asione.

Picha zilipigwa siku ya ubatizo. Mwajiri wangu, Muchiri, haziweki tena kwenye bahasha. Huzipandisha kwenye apu ya studio, mteja akaingia kwa namba yake, akaziona, na akitaka kuchapisha anasema. Chepkurui alikuwa anangoja Desemba ndiyo achapishe kubwa, yenye fremu.

Nikafungua. Picha ya kwanza, watu wazima mbele ya kanisa, ilikuja. Ya keki ikaja. Ya tatu ilikuwa kisanduku cha kijivu, na chini yake maneno: Cherotich, ubatizo.

"Hukuihifadhi kwa simu?"

"Si ilikuwa kwa simu? Nilikuwa naiangalia hapa hapa, kila siku. Ile simu ikaingia kwa ndoo ya maziwa, ikafa. Hii nimepewa na kaka yangu Isaiah. Nikaweka apu, nikakuta hivi."

Wengi hufikiri hivyo. Unaiona kwenye kioo, unajua ni yako. Kumbe picha inakaa kwenye seva mbali huko, na simu huenda kuiomba. Ile simu ya kwanza huenda ilibaki na nakala ya muda, ikazama nayo.

"Niangalilie, dada. Ni hiyo tu niko nayo." Akashusha sauti. "Nimeanza kusahau pua yake."

Nikamvutia stuli. Nikaingia kwenye apu kwa kompyuta, nikainakili anwani ya ile picha, nikaifungua peke yake. Jibu likaja: 404, haipatikani.

Kwenye darasa la kompyuta la jioni kule Kericho mwalimu wetu Bosire alikuwa akisema 404 si kifo, ni mtu amefungua mlango akakwambia huyo unayemtafuta hayupo hapa. Labda umekosea nyumba. Labda amehama. Labda yupo na hataki umwone. Kwa hivyo sikumwambia Chepkurui kitu bado.

Nikaanza na anwani. Niliiweka chini ya ile ya keki, nikazipitia herufi kwa herufi. Folda ni ile ile. Namba zinafuatana. Nikajaribu mwisho wa jina kwa herufi kubwa, maana seva yetu huona kubwa na ndogo kama majina mawili. Hapana. Isitoshe, anwani hiyo hakuna mtu aliyeichapa kwa mkono, apu yenyewe huiandika siku picha inapopandishwa, na Chepkurui alikuwa ameiona ikifunguka siku nyingi.

"Mwambie ni seva," Muchiri akasema. Alikuwa nyuma, anakata picha za pasipoti, na hakuinua kichwa. "Mwambie mtandao umesumbua wiki hii. Atarudi siku nyingine."

"Seva ikiugua inajibu mia tano na kitu, ama hainijibu kabisa," nikamwambia. "Hii imejibu vizuri. Na za wengine zinafunguka."

Makasi yakasimama.

Nikabaki na tumaini moja, na nilikuwa nalishikilia kweli. Faili ikiwa imefungwa, seva nyingi hujibu 403, yaani ipo lakini huruhusiwi. Lakini Phelix, kijana aliyetujengea apu, aliifanya hifadhi yetu imjibu mgeni 404 hata kwa faili iliyofungwa, ili wapita njia wasijue kilichomo. Basi huenda picha ilikuwa ndani, imefungwa tu kwa bahati mbaya. Ili kujua, ningeingia kama mwenye nyumba.

"Muchiri, naomba nywila ya hifadhi."

"Ya nini?"

"Nione kama imefungiwa ruhusa."

Chepkurui akamgeukia. "Baba Ann, tafadhali."

Muchiri akaja, akaichapa mwenyewe, taratibu, kisha hakurudi kukaa. Nikafungua folda ya ubatizo. Picha ya kanisa ilikuwemo, na ya keki. Baada ya keki namba moja ilikuwa imerukwa. Mwenye nyumba hafungiwi mlango, kila kitu kiko wazi mbele yake. Na haikuwemo.

Nikafungua kumbukumbu za hifadhi. Mstari ulikuwa pale: faili imefutwa, Jumanne, kwa akaunti ya Muchiri. Jina lilibaki kwenye orodha ya apu, ndiyo maana apu iliendelea kuiomba picha isiyokuwepo.

Muchiri alikuwa ameshaondoka, nikamfuata hadi nyuma ya pazia la kupigia picha.

"Mama mkwe wake alikuja," akanong'ona. "Na Weldon. Waliongea na heshima sana, wewe. Wakasema anashinda kwenye chai ameshika simu, hali, halali, na kwao mtoto kama huyo akiondoka hakiachwi kitu chake cha kuangaliwa, ama mama hapati mwingine. Mimi nikatae nikiwa nani? Mgeni kutoka Nyeri? Walitaka kumsaidia."

"Memori kadi ya kamera?"

"Imeshapigiwa harusi tatu juu yake."

Nikampigia Phelix. Nikamuuliza kama hifadhi huweka matoleo ya zamani ya faili. "Haikuwashwa," akasema. "Niliwaambia. Ikifutwa imefutwa, dada. Pole."

"Sasa mwambie ni seva," Muchiri akasema. "Atachoka kungoja. Ni rehema."

Nikamwaza akifungua kile kisanduku katikati ya majani, leo, kesho, mwezi ujao, akiambia wenzake wanatengeneza. Seva mbovu hutengenezwa. Mtu huingoja.

Nikarudi kaunta, nikakaa karibu naye.

"Mama Cherotich, si seva. Anwani ni sawa, na haijafungwa. Imefutwa. Nimetafuta nakala, hakuna."

Hakulia. Aliuliza, "Imejifuta?"

"Faili haijifuti."

"Nani?"

Pazia likatikisika. Muchiri alikuwa amesimama pale, makasi mkononi.

"Mama ya Weldon alikuja kuomba," nikasema. "Na Weldon alikuwa naye."

"Weldon." Akalitamka kama jina la mtu aliyempita barabarani. "Juzi ameniona nikizima na kuwasha hii simu. Akaniambia nipande juu kwa mlima, mtandao uko huko. Nikapanda."

Muchiri akaanza, "Mama, mimi nilidhani—"

"Wewe nyamaza."

Nikamuuliza kama anataka nikitoe kile kisanduku cha kijivu, hilo nilikuwa naweza, ni kufuta mstari mmoja tu.

"Kinaandika jina lake?"

"Ndiyo."

"Basi kiache. Hakuna mahali pengine limeandikwa."

Alitoka na kusimama nje ya studio kidogo. Nyumba ya kina Weldon iko upande wa juu, nyuma ya kituo cha kukusanyia majani. Yeye alivuka barabara, akasimama mahali watu hungoja gari za kwenda Ndanai, kwao, na gambuti zake zile zile, bila hata sweta. Gari likaja, akapanda.

Jioni Weldon alikuja kuniuliza kama nimemwona bibi yake. Nikamwambia hayupo hapa.