Tangi la Lita Mia na Hamsini

Mama mkwe alitaka tangi la maji ya moto ya jua, la lita mia tatu. Fundi bomba, aliyemwoa bintiye na kuhamia huku kwenye joto akitokea milimani, akaleta la mia na hamsini.

"Hilo ni birika la chai," mama mkwe akasema. "Mimi, mkeo, na dada zangu wanne. Tuko sita."

"Mama, kila mtu lita arobaini, jumla mia mbili na arobaini. Lakini maji ya huku hayana ubaridi wa kutisha, kwa hiyo ya moto hayafiki nusu ya mchanganyiko. Lita mia zinatosha, hamsini za akiba."

"Haya. Leo tunaoga wote sita. Ya moto yakiisha kabla hatujamaliza, vyumba tisa vilivyobaki vya nyumba yangu ya wageni anapewa fundi mwingine. Mkwe ni mkwe, kazi ni kazi."

Saa tisa alasiri wakajipanga, taulo begani, wakicheka kama wanafunzi. Mama mdogo akatangulia. Akafungua koki, halafu sauti ikatoka:

"Mkwe, unapika supu?"

"Ongeza ya baridi, mama."

"Hiyo ya baridi ndiyo inayoniunguza."

Wa pili akajaribu, akatoka mbio na povu kichwani. "Koki zote mbili ni mapacha."

"Maji hayajaisha," mama mkwe akasema, mikono kifuani. "Wa kuyaoga ndio wameisha."

Fundi akapanda paani. Vifaa vya jua havikuwa na kosa: paneli chini, tangi lake juu, maji ya moto yakitokea kileleni. Akagusa tangi jeusi la plastiki lililolisha koki ya baridi, mkono ukaruka wenyewe. Milimani tangi la namna hii halipati joto hata ulibembeleze. Hapa lilikuwa limeiva tangu asubuhi, naye alikuwa anapoza moto kwa makaa.

Akafunga njia inayolisha tangi la jua ili lisimwagike nalo, akamwaga maji ya lile jeusi bustanini, akalijaza upya kutoka bomba la mtaa lililozikwa ardhini, akaifungua tena njia ile. Mkewe akamrushia mikeka ya sebuleni. Akaifunga kwenye miti aliyoisimamisha kulizunguka tangi jeusi, akiacha upepo upite kati.

Wakaanza upya. Mmoja akaimba, wa pili akaitikia kutoka ukumbini. Watano wakatoka wakinukia sabuni. Akaingia mama mkwe, akakaa. Akakaa tena.

"Zake arobaini zimepita zamani," mkewe akamnong'oneza. Fundi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Mlango ukafunguka, mvuke ukamtangulia mama mkwe.

"Nimejitahidi kuyamaliza. Yamegoma. Kesho uanze chumba cha pili."

"Asante, mama."

"Na hilo tangi jeusi lijengee kivuli cha kueleweka. Mikeka yangu naitaka kabla wageni hawajafika."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaundwa upya. Mama mdogo alidai hakupata kusugua mgongo.