Habari Zimfikie Mmoja

Mwanamke aliyekaa kwenye dawati la matangazo ya vifo pale redioni aliitwa Makasi, na wenye ujasiri walimwita hivyo mbele yake. Hakukasirika. Jina alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na miwili watu walimletea karatasi ndefu kama shuka, naye akawarudishia maneno themanini.

Themanini, si themanini na moja. Ukiyasoma polepole, kwa sauti ya msiba, yanakula dakika moja, na kila marehemu pale redioni alikuwa na dakika moja, awe tajiri awe hohehahe. Asubuhi hiyo, kabla ya saa nne, Makasi alikuwa ameshamkatalia mjane mmoja aliyetaka vyeo vyote vya mumewe visomwe, na ameshawaamua ndugu wawili waliobishania ugonjwa wa mama yao.

"Andikeni 'baada ya kuugua kwa muda mfupi', yatosha," aliwaambia. "Redio si hospitali."

Akaja mwingine ameandika kwamba mazishi ni kesho.

"Kesho ya nani?" Makasi aliuliza. "Tangazo lako linasomwa leo saa saba mchana, leo saa moja jioni, na kesho asubuhi. Atakayesikia asubuhi atakuja keshokutwa na nguo zake nyeusi, awakute mnaosha sufuria. Andika siku, tarehe na saa. Na hili jina la kwenye kitambulisho nani analijua? Weka na lile walilomwita mtaani, la sivyo mtazika wenyewe."

Huyo alipoondoka, kwenye kiti cha mbele ya dawati akaketi mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama peke yake. Aliweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. Mistari yake ilikuwa imepigwa kwa rula.

"Pole sana, baba," Makasi alisema, maana hilo husemwa kwanza. "Marehemu ni nani?"

"Ni mimi."

Makasi alitazama saa ya ukutani, akamtazama mzee.

"Kibali cha mazishi unacho?"

"Bado."

"Barua ya ofisi ya mtaa?"

"Nilikwenda jana. Wameniambia nirudi nikiwa tayari."

Mzee hakutabasamu, na Makasi pia hakutabasamu. Aliivuta karatasi. Yalikuwa maneno mia mbili na kumi na mawili. Alijua bila kuhesabu, kisha akahesabu. Tangazo lilianza vizuri: familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, mpima ardhi mstaafu, kilichotokea tarehe, kisha nukta sita.

"Hapo nimeacha nafasi," mzee alieleza.

"Naona. Na mahali pa mazishi umepima kabisa, hatua kumi na nne kutoka kwenye uzio." Makasi aliweka kalamu chini. "Baba, mimi sipokei tangazo la mtu anayejiletea mwenyewe. Kuna watu walitangaziwa kifo na majirani wenye chuki, tukaja kuaibika hapa. Ndiyo maana tunataka kibali. Nyumbani huna watoto wa kukuandikia?"

"Ninao wanne. Wataandika, tena vizuri. Mwanangu mkubwa ni mwalimu." Mzee alisogeza kidole hadi chini ya karatasi, kwenye orodha inayoanza na habari ziwafikie. "Lakini huyu hawatamweka."

Kidole kilisimama kwenye jina la kwanza kabisa, la mwanamke, limeandikwa kwa herufi kubwa. Baada yake walifuata watu arobaini.

"Ni nani?"

"Binti yangu wa kwanza. Aliondoka na mtu ambaye mimi sikumtaka. Nikasema mguu wake usikanyage kwangu. Mama yake alipofariki, tangazo nililiandika mimi, nikalileta hapa hapa. Mke wangu aliniomba kabla hajafa, nimtaje mtoto. Nililiandika jina. Kisha nikiwa hapo kwenye benchi nikalipiga mstari." Alisema hayo kama mtu anayesoma vipimo vya kiwanja. "Alisikia baada ya wiki tatu, kwa watu. Hakupiga simu tena. Miaka kumi na tisa sasa. Namba yake simjui mtu aliye nayo. Nikifa, mwanangu mkubwa ataandika orodha kama nilivyomfundisha."

Majuto ni mjukuu, Makasi aliwaza, na huyu wa mzee amekuja na ndevu. Alimchukia kidogo. Alikuwa amesoma orodha za watu kwa miaka mingi, akajua mstari mmoja wa kalamu unaweza kumfanya nini mtu. Lakini chuki haikumzuia kuchukua kalamu nyekundu, kwa kuwa tangazo baya likiwa mbele yake hakuweza kuliacha lilivyo.

"Haya. Hawa arobaini, nani kati yao anakaa mbali, hana simu, hajui?"

Mzee alifikiri. "Wengi wanakaa kwangu."

"Kosa la kwanza la kila mtu. Mnamtangazia habari mtu aliyekalia mkeka sebuleni." Alikata majina thelathini na moja kwa mkupuo. "Hawa tisa?"

"Hao ni viongozi wa mtaa na mkuu wa shule ya mwanangu. Wasipotajwa watanuna."

"Wanune." Akawakata. "Kifo hakijatokea, natoa. Tarehe haipo, natoa. Mazishi hayapo, natoa hatua zako kumi na nne. 'Nguzo ya familia, taa iliyozimika': kila marehemu ninayepokea ni taa iliyozimika, mtu akisikia hivyo anainuka kwenda kuchemsha chai. Natoa."

Alipomaliza, karatasi ilikuwa nyekundu kama imechinjiwa kuku. Alichukua safi, akaandika, akaisoma kwa sauti ya chini: habari zimfikie fulani, na hapo akalitamka jina la binti, popote alipo. Anaitwa na baba yake, mpima ardhi mstaafu, aliye hai na anayeishi katika nyumba ile ile. Anaombwa afike au apige simu.

"Mbona limekuwa fupi?" mzee alilalamika.

"Yaliyobaki ndiyo ya kweli. Namba ya simu?"

"Simu yangu anakaa nayo mwanangu. Anasema matapeli watanipigia."

"Tangazo lisilo na namba ni kelele. Tutaweka ya dawati hili." Akaiandika, akaiandika tena, kwa kuwa namba husomwa mara mbili: mara ya kwanza watu wanatafuta kalamu.

"Lisomwe pamoja na vifo," mzee alisema.

"Haiwezekani. Hili ni tangazo la wito. Miito husomwa saa kumi."

"Saa kumi nani anasikiliza? Vifo vikisomwa, watu wanaacha hata kutafuna. Nyumba nzima inanyamaza. Hata yeye, popote alipo, akisikia vifo atanyamaza. Anangoja changu, mama." Hapo akakohoa. "Najua ananingoja."

Makasi akaiweka karatasi mwisho wa rundo la vifo, chini kabisa, na juu yake akaandika kwa penseli: mara tu baada ya. Kanuni ilisema wito usisomwe ndani ya vifo. Haikusema chochote juu ya sekunde inayofuata.

Mtangazaji wa vifo alikuwa na sauti moja tu, na hakuwahi kuibadilisha hata alipoagiza chai. Saa saba mchana alisoma marehemu watano, akafuatisha wito wa mzee kwa huzuni ile ile, akaweka na pumziko baada ya jina. Mzee alisikilizia kwenye benchi la ukumbini, mikono juu ya magoti. Simu ya dawati haikulia. Jioni wakasoma tena. Ililia mara mbili: jirani mmoja alitaka kujua viti vipelekwe saa ngapi, na mwalimu, mwanawe mkubwa, alitaka kujua ni mpumbavu gani aliyemwandika baba yake.

"Ameandika mwenyewe," Makasi alimjibu, "na kwa sasa amekaa vizuri kuliko wewe."

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa benchini kabla ofisi haijafunguliwa. Tangazo likasomwa mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Saa mbili ikapita. Saa tatu, Makasi akiwa katikati ya kumkata mtu shemeji zake, simu ililia.

"Mazishi ni saa ngapi?" sauti ya mwanamke iliuliza. Ilikuwa kavu. "Nimesikia kwenye redio ya jirani, sikupata yote. Nimesikia jina langu, na 'baba yake', na hii namba. Nina safari ya masaa sita, niambie tu saa."

Makasi aliinua mkono, mwenye shemeji akanyamaza.

"Hakuna mazishi, dada. Baba yako yu hai."

Kikasikika kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi nimeharibu kilio changu bure. Akifa mtangaze tena. Kumzika nitakuja. Kumwona, hapana."

"Akifa hutasikia," Makasi alisema. Hakuipamba kauli, hakujua kupamba. "Tangazo lake wataandika wa nyumbani, na wewe humo hutakuwemo. Yeye anajua hilo. Ndiyo maana amekuja kuandika angali anapumua."

"Ameandika yeye?"

"Mwenyewe."

"Na jina langu nani aliliweka?"

"Yeye. Alikuja na watu arobaini, wewe ukiwa mbele yao. Sasa umebaki peke yako."

Makasi alisikia pumzi za mwanamke, na nyuma yake redio ya jirani ikiendelea na muziki wake.

"Nisomee," mwanamke akasema mwishowe. Makasi akamsomea lote, polepole, pamoja na namba mara mbili kwa mazoea. "Hapana. Nisomee jina tu."

Makasi alifungua kinywa, akakifunga. Alimwita mzee kwa kidole. Mzee alikuja akijigonga kwenye viti, akasimama kando ya dawati, naye Makasi akamshikisha simu na kumwekea karatasi mbele.

"Anataka umsomee hapa," alisema, akionyesha. "Jina tu. Usiongeze kitu."

Mzee aliitazama karatasi. Macho yalimjaa maji asione herufi hata moja. Akaisukuma karatasi pembeni, akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti kubwa, jinsi mtu anavyomwita mtoto aliyeko uani.

Watu wote pale ukumbini waligeuka.

"Abee, baba," binti akaitika.