Mboga ya Mjomba

Shangazi Tusajigwe alifia Kihesa, Iringa, na Mzee Gwakisa akaja kutoka Uyole akiwa na neno moja tu: "Dada yangu, mchanga wa kwanza namtupia mimi." Tatizo ni gauti, ugonjwa wake wa viungo. Kidole gumba cha mguu ndo kwanza kimetulia, na mazishi ni mpaka watoto wengine wa marehemu wafike kutoka Dar. Kikiamka tena kabla ya hapo, kaburini hafiki.

Kwa hiyo Happy, bintiye, akaenda sokoni na Devota, binti wa marehemu. Simu ikaita hata kabla hawajanunua kitu.

"Mwanangu, nionee maini. Kipande tu."

"Baba, maini hapana, figo hapana, utumbo hapana. Nakuletea mayai."

"Mayai! Mimi kuku?"

Devota akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Wakabeba viazi, kabichi, mchele, mayai, maziwa na maji ya chupa.

"Na ulanzi?" Devota akauliza.

"Pombe hiyo hata kuonja. Bia pia. Soda nazo, ile sukari inamuumiza."

"Basi mjomba wangu niachie mimi. Nyama nyekundu haigusi."

Akamwachia. Nyumbani Happy alikuwa anapokea wageni tangu asubuhi, na Devota kila mlo alimfunikia mjomba wake sahani peke yake. Mzee alimaliza yote na kuomba nyongeza. Ulanzi ulipopita, aliukataa kama padri.

Alfajiri ya mazishi, Happy akamkuta kalala, mguu uko nje ya blanketi. Kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa. Hata shuka likigusa, anasaga meno.

Happy akakimbilia jikoni. Devota alikuwa anakoroga kabichi, na kwenye bakuli pembeni kulikuwa na unga wa kijivu.

"Nini hiyo?"

"Dagaa. Nawasaga, mjomba asione miiba. Si tulisema nyama hapana? Nikaona mboga tupu zitammaliza nguvu, na mimi sina mwingine wa kumpikia. Mama alikuwa anampenda sana huyu kaka yake."

Dagaa, ambao kwa gauti hawana tofauti kubwa na maini. Siku zote hizo, kila sahani. Happy akalifunika bakuli. Akarudi chumbani, akamnong'oneza baba yake.

Mzee akamshika mkono.

"Usimwambie."

"Baba, atauliza."

"Sema baridi ya Iringa. Leo anamzika mama yake, umbebeshe na mguu wangu?" Akafuta macho. "Nenda. Utupe mara mbili. Ya kwanza ya kwangu."

Kaburini Happy akatupa mchanga, akainama tena, akatupa. Mama mmoja akamvuta gauni: "We binti, zamu yako imeisha."

Devota akasogea karibu. "Mjomba vipi?"

"Baridi," Happy akasema.

"Basi nikirudi nimpikie ile mboga yake, apate joto."

"Leo napika mimi, dada," Happy akasema. "Wewe ukalale."