Kitabu cha Kisima Kwenye Rafu ya Wahunzi

Usiku wa jana niliota naagwa kazini, siku moja kabla ya kuagwa kweli kwa kustaafu. Ukumbi ni chumba chetu cha kusomea. Wageni rasmi ni vitabu, vimekaa kwenye viti. Wasomaji wamesimama kwenye rafu, kila mmoja na namba yake mgongoni. Nafurahi sana. Miaka thelathini na moja nawahubiria watu habari za mpangilio, hatimaye wamenielewa.

Muhuri wa tarehe ndiye mshereheshaji. "Mkutubi wetu, Bi. Mwanahawa Mhando, karibu. Una siku kumi na nne."

Nafuata itifaki: mwenyekiti wa halmashauri, wafanyakazi wenzangu, kisha waazimaji. Nawashukuru waliovika vitabu magazeti, na waliorudisha kabla ya tarehe. Nataja *Mizinga ya Nyuki*, kilichowapa akina mama chama chao cha asali. Kinasimama, kinainama. Nataja *Barua kwa Kila Shughuli*, kilichoposa nusu ya mji. Vigelegele vinatoka rafuni. Kifua kimenijaa. Jamani, mji huu tumeusoma mpaka ukawa mji!

"Na *Kuchimba Kisima*?" anauliza Muhuri.

"Hicho kilipotea," nasema. "Alikiazima Mzee Kigosi, fundi wa visima. Akaapa amekirudisha. Sikukikuta kwenye rafu, nikakifuta kwenye rejesta, nikamnyang'anya kadi. Mwaka wa kumi na tisa huu hajakanyaga hapa."

Sakafu inashuka. Sasa tumo ndani ya kisima cha sokoni, kile alichokichimba Mzee Kigosi ukurasa kwa ukurasa. Maji yanafika magotini. Mwenyekiti anakunja suruali na kuendelea kusikiliza.

Kitabu kinaibuka, kimelowa. "Mama, namba ya rafu ya visima ni 628. Niliporudishwa uliniweka 682, kwa wahunzi. Nimechoka kusikia habari za nyundo."

"Mimi sikosei namba."

"Kanuni ni yako," anasema Muhuri. "Palipo na kitabu kisichojulikana kilipo, mkutubi haondoki."

Maji yako kifuani. Naona aibu kuliko ninavyoogopa.

"Mzee Kigosi," nasema, "ulikirudisha. Aliyekosea ni mimi. Kisima hiki ni chako, na mimi nimekunywa maji yake miaka yote hii."

Mzee, aliyesimama rafu ya juu kabisa, anavua kofia. Muhuri ananigonga kiganjani, pap!

Nikaamka. Kiganja kilikuwa kikavu, hakina hata doa. Nikajicheka, nikavaa gauni la sherehe, nikafungua maktaba kabla ya wenzangu.

Kwenye 682, nyuma ya vitabu vya uhunzi ambavyo hakuna aliyewahi kuviazima, kilikuwepo. Nikatazama karatasi ya tarehe. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa leo, wino bado mbichi. Muhuri wenyewe nimeufungia kwenye droo tangu juzi, na ufunguo ninao mimi.

Wageni wanaanza kuingia. Watanisubiri. Kwanza naipeleka kadi ya Mzee Kigosi nyumbani kwake.