Dole Gumba la Mzee Aminieli

Machame nzima ilimjua Mzee Aminieli kwa dole gumba la mkono wake wa kuume. Akibonyeza kiazi kikuu, walisema, kiazi kinaungama dhambi zake zote. Mwenyewe alidai kwamba siku moja sokoni Bomang'ombe alibonyeza kiazi akajua kilichimbwa na jembe la nani, na kwamba mwenye jembe alikuwa amegombana na mkewe asubuhi ile. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata hivyo hakuna aliyefungua mkoba kununua kiazi kabla dole lile halijapita.

Dole lile sasa lilikuwa limekufa.

Ganzi ilianzia nyayoni, kama ugonjwa wa sukari unavyopenda kuanza, ikapanda polepole kama mtu mwenye haki na nyumba, mpaka ikafika vidoleni. Asubuhi Aminieli alishika kikombe cha chai ya moto bila kujua ni cha moto, akakishangaa kimya kimya. Hakumwambia mtu. Pua nayo ilikuwa imeshazikwa siku nyingi na ugoro, na hiyo hakuijali, kwani nani alimsifu kwa pua? Lakini dole! Mtu atatangazaje msiba wa dole lake mwenyewe?

Na mahitaji ya dole yalikuja siku ambayo hayakutakiwa kuja.

Mkewe Yuditha alikuwa amelala siku nyingi, akipungua kama mshumaa wa kanisani. Mtori wa ndizi aliukataa. Uji aliukataa. Maziwa ya ng'ombe wao wenyewe, ambaye Aminieli aliapa kwamba akikamuliwa huimba pambio, alionja kwa ncha ya ulimi akageukia ukutani. Mkwe wao Grace, mke wa Isack aliye mbali kikazi, alikuwa ameishiwa na mbinu. Ndipo asubuhi ile Yuditha akafumbua macho, akasema kwa sauti iliyotoka mbali:

"Baba Isack, ningepata kiazi kikuu cha kuchemsha, ningekula."

Grace alitoka nje akalia kwa furaha nyuma ya banda la ng'ombe.

Tatizo ni kwamba kihambani kwao, katika shamba la nyumbani, hakikuwepo kiazi. Mti wa msesewe uliobeba mashina ya kutambaa ya viazi vyao tangu enzi za babu ulikuwa bado umesimama, ila chini yake alikuwa amepita fuko. Aminieli alisema fuko huyo alikuwa mnene kama mweka hazina wa harambee, na kwamba alipomaliza alipangusa mdomo. Basi ikabaki soko.

"Baba, niende mimi," Grace alisema. "Wewe pumzika."

"Wewe ukanunue kiazi?" Aminieli alivaa koti lake. "Mwanangu, utarudi na gogo. Kiazi cha Mama Isack hakichaguliwi na mtu mwingine."

Akaondoka, mkono wa kuume mfukoni, kama mtu anayemficha mtoto mtundu.

Manyunyu yalikuwa yamepita Bomang'ombe, na kila kitu sokoni kilimeta maji. Msimu wa viazi vikuu ulikuwa umepita pia. Vilivyobaki vilikuwa vya kukaa, vingine vimeshaota vichipukizi vyekundu, na chipukizi likishatoka, kiazi kimeanza kujila chenyewe. Aliyekuwa na fungu la maana ni Doris peke yake, mama mwenye mikono mipana na maneno machache, aliyevipanga vyake juu ya magunia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Naona umetandika wagonjwa."

"Ndivyo vilivyopo, babu. Wazima wameshaliwa."

Pembeni, juu ya ndoo iliyofunikwa, alikuwa ameketi Ebenezeri, mchuuzi mstaafu wa ndizi, ambaye kazi yake siku hizi ilikuwa kukaa penye watu na kusema.

"Haya, sogeeni!" Ebenezeri alipaza sauti. "Daktari kafika! Viazi vyote vitoe ulimi nje!"

Watu wawili watatu wakageuka. Aminieli akajikuta anatabasamu, na akajua hapo hapo kwamba tabasamu lile litamgharimu.

Alianza kama siku zote, kwa macho. Hiki kina kidonda cha jembe, lakini kidonda kimekauka na kufanya gamba, si kibaya. Kile kina kidonda chenye maji na inzi wawili, kiache na inzi wake. Kingine kina matundu madogo ya wadudu, yenye unga unga kando. Alikinyanyua hicho, akakipima na mwenzake wa ukubwa ule ule, kikawa chepesi.

"Hiki kimekauka tumboni," alisema. "Mtu akikichemsha atakula sifongo."

"Mnaona?" Ebenezeri akawaambia watu. "Hata dole hajatumia. Hiyo ni salamu tu."

Akakiona kiazi kikubwa katikati ya fungu. Kirefu, kinene, ngozi imebana, hakina kidonda, hakina tundu. Alikinyanyua, kikawa kizito vizuri. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, lakini nyuma yake mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, hakusikia kama kimejibu kwa mlio mkavu au kwa mlio wa kitu kilicholowa. Shingoni, pale shina lilipokatikia, palikuwa na unyevunyevu. Lakini nini sokoni siku ile hakikuwa na unyevunyevu?

Likabaki dole.

Shingo ndiyo mlango. Uozo wa utelezi huingilia hapo, ukashuka katikati ya kiazi kama mwizi aliyepitia darini, na ngozi ikaendelea kubana nje siku kadhaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Jicho halioni. Dole ndilo linalojua, kwa sababu penye ugonjwa panabonyea kidogo, kama parachichi linalokaribia kuiva. Yuditha ndiye aliyemfundisha hayo walipokuwa wachumba, akiuza viazi vya mama yake barabarani. Hilo Aminieli hakuwahi kulisema sokoni.

Akaliweka dole shingoni, akabonyeza. Akashuka tumboni, akabonyeza. Akafika mkiani. Kila mahali pakamjibu sawasawa, yaani hapakumjibu. Ilikuwa kama kumpigia simu marehemu.

Akarudi shingoni, akabonyeza tena. Watu walikuwa wakimtazama.

"Babu," Doris alisema kwa upole, "nikukatie kidogo hapo juu tuone? Kikiwa kibaya, ni changu. Hivi vya mwisho hata mimi siviamini."

Lilikuwa neno la heri. Kisu kilikuwa pale pale kwenye gunia. Aminieli alikitazama kisu, na moyo wake ukasema ndiyo, tena ukasema mara mbili.

"Kumkatia Aminieli!" Ebenezeri akadakia. "Doris, unamtukana mzee wa watu! Si ndiye aliyetuambia anayekata kiazi kabla ya kununua ni sawa na anayempasua ng'ombe aone kama ana mimba?"

Soko likacheka. Aminieli akacheka nao, kwa sauti kuliko wote.

"Weka kisu, mama," alisema. "Hiki kizima. Kigumu kama kichwa cha Ebenezeri."

Doris alisita, akakifunga kwenye mfuko. "Haya. Tumesikia mama anaumwa. Mungu amponye."

Njia nzima ya kurudi mlimani kwa daladala, Aminieli alikipakata kiazi mapajani. Alijiambia ni kizima. Alijiambia tena. Alibonyeza shingo kwa dole la kushoto, nalo lilikuwa maiti mwenzake. Alikinusa, akasikia ugoro.

Yuditha alikuwa ameinuliwa kwa mito, amefungwa kitenge safi kichwani. Grace alimfanyia hivyo kama mtu anayemwandaa bibi harusi.

"Kilete nikione," Yuditha alisema.

"Mke wangu, acha kikapikwe."

"Kilete."

Aminieli akakiweka kwenye mapaja ya mkewe. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa, lakini ilipogusa kiazi ilijua kazi yake. Ilipita mkiani, ikapanda tumboni, taratibu. Kisha dole gumba lake likafika shingoni, likabonyeza.

Aminieli aliona. Dole la mkewe, lisilo na nguvu ya kuua sisimizi, lilizama mpaka kwenye mzizi wa ukucha.

Yuditha alilichomoa polepole. Alivuta pembe ya khanga yake, akafuta dole, akaifunika shingo ya kiazi. Alimtazama mumewe muda mrefu. Hakumtazama usoni. Alitazama mkono wake wa kuume, ambao ulikuwa umerudi mfukoni.

"Kizuri," alisema. "Kigumu. Hujapotea, Baba Isack."

"Ndiyo," alisema Aminieli.

"Kampe Grace akichemshe."

Jikoni Grace alikipasua katikati. Kisu kiliingia bila kelele, na hilo pekee lilitosha. Ndani, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, moyo wa kiazi ulikuwa ute wa rangi ya kahawia, unavutika kama kamasi, na harufu ikatoka ambayo hata pua ya ugoro iliitambua. Grace alijaribu kuokoa kingo. Zilikuwa na mishipa ya kahawia iliyotapakaa kila upande. Alichonga kipande kilichoonekana cheupe, akakigusisha ulimini, akatema.

"Kichungu, baba. Chote."

"Chote?"

"Hata ng'ombe simpi."

Grace alitaka kukimbia sokoni wakati ule ule. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza kweli, na Bomang'ombe watu walikuwa wanafunga mafungu. Tena Doris alikuwa ameshasema hata yeye haviamini vilivyobaki. "Kesho nitakwenda Moshi mjini," Grace alisema. "Kesho asubuhi mapema."

Aminieli alikuwa ameshageuka. Kupitia mlango alikuwa amemwona Yuditha. Alikuwa amekivua kitenge kile safi, amekikunja vizuri na kukiweka pembeni, na uso wake ulikuwa ukutani. Mtu aliyesubiri chakula hakai vile. Aminieli alijua kwamba hamu ile ilikuwa moja tu, ilikuja mara moja, naye aliishika mkononi sokoni bila kuihisi.

"Nenda kamkamue ng'ombe," alimwambia Grace.

Alipobaki peke yake alikitupa kiazi shimoni migombani, akanawa. Akajaza maji kwenye sufuria, akaibandika jikoni, akachochea kuni. Maji yakaanza kuimba, kisha yakachemka, mfuniko ukagongagonga kama unavyogongagonga sufuria ikiwa na kitu ndani. Akavuta kigoda akaketi. Cheche iliruka ikatua juu ya dole lake gumba, ikakaa hapo ikiwaka mpaka ikazima yenyewe. Aliitazama tu.

"Baba Isack," sauti ikaja kutoka chumbani, nyembamba. "Kimeiva?"

Aminieli alifunua sufuria, akachungulia maji matupu yanavyoruka, akafunika.

"Bado kidogo, Mama Isack."

Mvua ikapiga mabati.

"Usikiharakishe," alisema Yuditha.

"Sikiharakishi," alisema, akaongeza kuni. "Hiki ni kigumu."