Harusi Isiyo na Ngoma

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mwaka ule wa tisini na mbili nilikuwa nimechoka kuzika. Kila wiki mwanafunzi fulani aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akatoka na sanduku lake la bati kichwani, akashuka kilima cha Muleba kwenda kwao. Baba amefariki, au mama, au mjomba aliyekuwa akimsomesha. Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua, na hakuna aliyeutaja. Nami nafundisha Kiswahili kidato cha nne, na mashairi yote vitabuni ni vilio tu. Nikasema basi, imetosha. Hawa watoto nitawapa kipindi kimoja cha furaha.

Niseme ukweli, nilikuwa namfikiria zaidi Alistidia. Baba yake alikuwa ameshazikwa, mama alikuwa kitandani huko Ngenge, na wadogo zake wawili walikuwa hukohuko. Bado miezi michache afanye mtihani wa taifa. Hakuna aliyeyasoma mashairi kama yeye pale shuleni, hata mimi mwenyewe simo. Mama yake alikuwa amemwambia abaki shule mpaka amalize, hata akisikia nini. Mimi na mkuu wa shule, Mama Kokwijuka, tulikuwa tunamshikilia hapo kama mtu anayeshikilia kuku kwenye upepo.

Basi nikatunga ubeti mmoja. Mwezi uliotangulia nilikuwa Maruku, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu Buberwa, na mimi Msukuma wa Magu kila kitu pale kilinipendeza. Nikayatia yote niliyoyaona. Asubuhi nikaandika ubaoni:

Moshi wapanda nyumbani, majani yametandikwa,
Mikungu yaja vichwani, sufuria zatelekwa,
Watu tele uwanjani, hata jembe limewekwa,
Mama amekaa chini, mkono wake washikwa.

Nikawasomea kwa mbio, kwa kucheka, mguu wangu ukipiga sakafu. Tukaanza na ridhimu. Wakahesabu mizani kwa kugonga madawati: nane ukwapi, ile nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili, mishororo yote minne. Vina vya kati *ni*, vya mwisho *kwa*. Hapo hakuna aliyekosea.

"Haya, taswira," nikasema. "Mshororo wa kwanza. Mnaona nini?"

Rweyemamu, aliyezoea kukaa nyuma akisinzia, akainua mkono. "Moshi mwingi, mwalimu. Wanapika kitu kikubwa. Na nyumba imetandikwa majani mabichi, kwa hiyo wageni wanakuja."

"Safi. Wa pili?"

"Majirani wanaleta ndizi," akasema Georgina. "Kila mtu na mkungu wake. Sufuria ni nyingi, si moja. Shughuli hii ni ya kijiji kizima."

Nilifurahi, nikajisahau. Kwenye mshororo wa tatu darasa likapoa. Niliuliza jembe linatuambia nini, na watoto arobaini wakaangalia madawati. Nikasema jamani, si ni siku ya mapumziko? Watu wameacha kulima, wamekuja kusherehekea. Rweyemamu akaniangalia kwa huruma, huruma ile ambayo mtu humpa mgeni.

"Waitu mwalimu," akasema polepole, kwa neno lile la heshima la huku, "huku jembe linawekwa chini mtu akifa. Mpaka azikwe."

Kwani sikujua? Hata kwetu Magu kukiwa na maiti kijijini jembe halishikwi. Nilijua, ila siku ile sikutaka kujua. Nikakaza shingo. Nikawaambia mshororo mmoja haubebi shairi zima, toni haipatikani kwa neno moja, wanithibitishie kwa ubeti wote. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa naona kipindi changu kinaniponyoka.

Alistidia akasimama. Hakuinua mkono.

"Naomba kulisoma, mwalimu."

Akalisoma. Mizani zilezile, hakuongeza wala kupunguza, ila mwendo ulikuwa mwingine. Mwisho wa kila ukwapi alitua, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo, ndipo akamalizia utao kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimelicheza kama ngoma, yeye alilitembeza. Niliusikia ubeti wangu mwenyewe kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Angalia taswira zote," akasema alipomaliza. "Moshi tunauona. Majani tunayaona, mikungu tunaiona, watu tunawaona. Hakuna kitu hata kimoja cha kusikia. Watu tele uwanjani na hakuna anayecheka, hakuna anayeimba. Harusi gani hiyo isiyo na ngoma, mwalimu?"

Miaka yote nimewafundisha kwamba taswira ni za macho, za masikio, za pua, za ngozi, na sikuwahi kukagua yangu.

"Na mshororo wa nne?" nikauliza, kwa kuwa mwalimu lazima aulize kitu.

"Mama hajakaa kwenye kiti, amekaa chini. Na anashikwa mkono." Akaunyoshea ubao kidole. "Mtu mwenye furaha hashikwi ili asianguke. Toni ni ya majonzi, ila yamezuiwa. Hakuna hata neno la kilio."

Darasa zima liliafiki, likaandika *majonzi*. Nilitaka kulifuta shairi, nikaliacha. Nikaandika na mimi ubaoni, majonzi, kwa chaki iliyonikatikia vidoleni.

Wiki iliyofuata Mama Kokwijuka alimwita Alistidia ofisini.

Alipoondoka na sanduku lake, mkuu wa shule aliniambia, "Bundala, nenda ukazike, kisha urudi naye. Ukija mikono mitupu huyu mtoto ndiyo basi tena." Nikaenda. Ngenge ni mbali, na barabara yenyewe haina adabu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mtihani, ahadi ya mama, wadogo watachukuliwa na ndugu.

Nilipofika niliuona moshi kwanza, juu ya migomba. Mlangoni majani mabichi yalikuwa yametandikwa. Wanawake waliingia na mikungu vichwani, bila kusemezana. Uwanjani watu walikuwa wengi, na jembe liliegemezwa ukutani. Nilitembea ndani ya ubeti wangu mstari kwa mstari, na laiti ningejua kuomba ningeomba usifike wa nne.

Alistidia alikuwa amekaa chini, mdogo wake mmoja pajani, mwingine amemlalia bega. Bibi mmoja wa jirani alikuwa amemshika mkono. Niliwauliza watu kuhusu ndugu. Baba mdogo alishatangulia mwaka jana. Shangazi mwenyewe mgonjwa. Bibi yule wa jirani ndiye pekee aliyebaki, naye haoni vizuri. Maneno yangu yote ya njiani yakaisha moja moja, nikabaki mtu mzima mwenye shati safi asiye na msaada wowote.

Tulipokwisha kuzika nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia mtihani bado haujapita, kwamba mama yake alitaka amalize. Nilijisikia naropoka.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Hawa nitawaacha na nani?"

Lile swali nilikuwa nimeshalizungusha kijiji kizima.

"Lile shairi bado liko ubaoni?" akauliza.

Nikamwambia lipo. Hakuna aliyelifuta, hata mimi.

"Ukirudi, rekebisha mshororo wa nne. Hapa hakuna mama tena." Alimpandisha mdogo wake vizuri pajani, akahesabu kwa vidole mgongoni mwake, taratibu, kama tulivyokuwa tukigonga madawati. "Andika, *Dada amekaa chini*. Mizani hazipungui."